Duka lako la mtandaoni lionyeshe njia zipi za malipo: mwongozo wa kupunguza vitufe bila kupoteza wateja

Maswali ni yaleyale kila mara. "Niweke njia ngapi za malipo?" "Si zikiwa nyingi ndiyo kila mtu atapata yake?" "Mbona nimewasha njia mpya tatu na mauzo hayajasogea?" Badala ya kumjibu kila mmoja peke yake, nimeandika yote hapa. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye duka lake tayari linauza, wateja wanafika hadi ukurasa wa malipo, kisha wengine wanatoweka hapo.

Nianze na jambo moja ambalo watu hulielewa vibaya. Njia chache huuza zaidi, lakini si kwa sababu mteja "huchanganyikiwa" anapoona vitu vingi. Kuna jaribio maarufu la mwaka 2000 la Sheena Iyengar na Mark Lepper, la meza ya jamu. Waliposimamisha jamu za aina 24, walionunua walikuwa asilimia 3 tu ya waliosimama mezani. Walipoweka aina 6, walionunua walifika asilimia 30. Kila anayekushauri upunguze vitufe atakutajia jamu hizo. Asichokutajia ni kwamba mwaka 2010 watafiti wengine walikusanya majaribio mengi ya namna hiyo, wakakuta kwamba kwa wastani athari yake ilikaribia sifuri. Kwa hiyo usipunguze kwa imani ya jamu.

Sababu inayoshika kwenye malipo ni nyepesi zaidi: njia hazifanikiwi sawa. Mteja aliyeamua kununua akibonyeza njia inayokwama mara kwa mara, umempoteza, ilhali pembeni yake palikuwa na njia ambayo ingempitisha. Kitufe kibovu hakikai kimya kikisubiri wenyewe. Kinavuta watu waliokuwa na njia nyingine nzuri. Kazi yako ni kukigundua kitufe hicho, na kuhakikisha kwamba ukikiondoa humfungii nje mtu ambaye hana mlango mwingine.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kumbukumbu za ukurasa wa malipo za angalau wiki nne. Zikupe mambo matatu: waliofika kwenye ukurasa, njia aliyobonyeza kila mmoja, na kama pesa iliingia kweli. Kama duka lako halirekodi njia iliyobonyezwa, anza kurekodi leo na urudi hapa baada ya wiki nne. Bila hilo utakuwa unabahatisha.
- Ruhusa ya kuwasha na kuzima njia kwenye akaunti ya kampuni inayokupitishia malipo.
- Orodha ya masharti ya kila njia: nchi gani, sarafu gani, kiwango cha chini na cha juu cha muamala mmoja.
- Simu ya bei ya chini yenye kioo kidogo. Nitaeleza kwa nini.

Hatua ya 1: Unganisha vitufe vinavyofanya kazi moja

Fungua ukurasa wako wa malipo kwa ile simu ndogo. Bila kusogeza ukurasa, unaona vitufe vingapi? Kama kitufe cha njia inayotumiwa na wateja wengi kiko chini ya ukingo wa kioo, umeshapata tatizo la kwanza kabla hata ya kugusa hesabu.

Sasa angalia vinavyojirudia. Kosa ninaloliona zaidi ni Visa, Mastercard na American Express kuwekwa kama vitufe vitatu. Kwa mteja hiyo ni njia moja inayoitwa "Kadi"; namba yenyewe anapoiandika inaonyesha ni kadi ya nani, kwa hiyo hakuna haja ya kumuuliza. Weka kitufe kimoja, na alama ndogo za kadi unazopokea pembeni yake.

Pesa ya simu nayo ni hivyohivyo. Badala ya kitufe kwa kila mtandao, weka kitufe kimoja, "Pesa ya simu", kisha mteja aandike namba. Unaweza kukisia mtandao kwa tarakimu za mwanzo, lakini mwache authibitishe au aubadilishe, kwa sababu katika nchi nyingi mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake ileile. Ukimtumia ombi kupitia mtandao alioshahama, atakaa akisubiri ujumbe usiofika.

Hatua hii peke yake mara nyingi hukutoa kwenye vitufe tisa hadi vitano, na hujaondoa njia hata moja.

Hatua ya 2: Hesabu waliobonyeza na waliolipa, njia kwa njia

Tuchukue duka la mikoba kama mfano, nitalitumia hadi mwisho. Namba ni za mfano, lakini umbo lake ndilo utakaloliona kwenye duka lako. Kati ya kila watu 1,000 waliofika kwenye ukurasa wa malipo:

| Njia | Waliobonyeza | Pesa iliyoingia |
|---|---|---|
| Pesa ya simu, mtandao wa kwanza | 430 | 344 |
| Kadi | 200 | 150 |
| Kulipa mzigo ukifika | 100 | 70 |
| Uhamisho wa benki | 70 | 28 |
| Pesa ya simu, mtandao wa pili | 60 | 42 |
| Pochi ya mtandaoni | 40 | 16 |
| Malipo ya awamu | 20 | 8 |

Waliobonyeza ni 920. Wengine 80 waliondoka bila kubonyeza chochote. Waliolipa ni 658, yaani asilimia 65.8 ya wote waliofika. Namba hiyo ya mwisho ndiyo utakayoishikilia kazi nzima: waliolipa kwa kila waliofika kwenye ukurasa. Usiibadilishe katikati ya njia.

Onyo: kwa mzigo unaolipiwa ukifika, usihesabu oda, hesabu pesa. Hapa wote 100 waliagiza, lakini 30 hawakupokea mzigo. Baadhi ya programu za duka huzihesabu oda hizo kama mauzo mara tu zinapowekwa, na ndiyo maana njia hii huonekana bora kuliko zote kwenye ripoti. Subiri mizigo ifike au irudi, kisha uhesabu.

Hatua ya 3: Tenga njia rudufu na njia zilizo mlango pekee

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanatazama jedwali, wanakata zenye watu wachache, wanajipongeza. Lakini uchache wa watu hauelezi kitu cha maana. Cha maana ni hiki: mtu huyu, kama asingeiona njia hii, angelipa kwa njia gani? Kama angelipa kwa nyingine, njia hii ni rudufu. Kama angeondoka, ni mlango pekee.

Huwezi kumuuliza kila mtu, lakini kumbukumbu zako zinajibu sehemu kubwa. Fanya hivi kwa kila njia iliyo nyuma.

Pochi ya mtandaoni kwenye duka letu: watu 16 walilipa. Tafuta majina yao kwenye oda za zamani. Tuseme 13 kati yao waliwahi kununua hapo hapo kwa kadi au pesa ya simu. Hao wana njia nyingine, na wanaijua. Na tazama asilimia: kwenye pochi wanafanikiwa 16 kati ya 40, kwenye kadi 150 kati ya 200. Kila anayeteleza kutoka kadi kwenda pochi anashusha nafasi yake ya kumaliza. Hii ni rudufu, tena rudufu mbovu. Inaondoka.

Uhamisho wa benki: waliolipa ni 28 kati ya 70. Ukizitazama oda zenyewe, unakuta 19 kati ya hizo 28 ni kubwa kupita mara tatu ya oda ya kawaida: ofisi zinazonunua mikoba kwa wingi, zinazohitaji karatasi ya benki kwa mhasibu wao. Kwao huu ni mlango pekee. Waliobaki kati ya wale 70, wengi wao ni wanunuzi wa mkoba mmoja waliobonyeza benki, wakaona namba ya akaunti, wakasema nitalipa kesho. Kesho haikufika. Kwa hiyo njia hii haiondoki wala haibaki kwa wote. Inabaki kwa oda kubwa tu. Tutaipangia sharti.

Malipo ya awamu: waliolipa ni 8. Mkono unawasha kukata. Lakini kumbukumbu zinaonyesha watano kati yao, dakika chache kabla, walijaribu kadi ikakataliwa kwa salio kutotosha. Bila awamu hao watano wangefunga ukurasa. Mlango pekee, mdogo lakini wa kweli. Tunauweka nyuma kidogo, hatuuondoi.

Mtandao wa pili wa simu una watu 60, wachache kuliko benki, na bado ni mlango pekee kabisa: mtu mwenye laini ya mtandao huo hana pesa kwenye ule mwingine. Kitufe chake tumeshakiunganisha na kile cha kwanza kwenye hatua ya 1, kwa hiyo hakichukui nafasi.

Tofauti ya rudufu na mlango pekee hubadilika kadiri nchi inavyobadilika, na ndiyo sababu huwezi kunakili orodha ya duka la nchi nyingine. Uholanzi, iDEAL, iliyoanza mwaka 2005, huwapeleka wanunuzi moja kwa moja kwenye benki yao, na kadi ya kimataifa pale ni ya pembeni. Poland, mnunuzi wa BLIK huchukua namba ya tarakimu sita kwenye programu ya benki yake, na namba hiyo huisha nguvu baada ya dakika mbili. Kenya, M-Pesa imekuwepo tangu 2007. Brazili, kabla ya Novemba 2020, hati ya kulipia iitwayo boleto ilikuwa mlango pekee wa watu wengi wasio na kadi: unaichapa au unainakili, unaenda kuilipia, duka linasubiri siku kadhaa kuthibitisha. Benki kuu ilipoleta Pix, malipo ya sekunde chache kutoka akaunti yoyote, wengi wa watu hao walipata mlango wa pili. Duka lililopanga vitufe vyake mwaka 2019 na kuviacha hivyo lilikuwa linawapeleka wateja kwenye njia ya siku tatu ilhali ya sekunde tatu ipo. Pitia upya mgawanyo huu angalau mara moja kwa mwaka.

Hatua ya 4: Andika masharti ya kila njia

Mteja asione kitufe ambacho hakiwezi kumfanyia kazi. Masharti manne yanatosha: nchi, sarafu, kiasi, na kama njia iko hai kwa sasa.

Nchi ichukue kwenye anwani ya kupelekea mzigo, si kwenye anwani ya mtandao ya kifaa chake. Mtu anayesafiri, au anayetumia VPN, ataonekana yuko asipokuwepo. Kama unauza kitu kisichosafirishwa, kama faili au kozi, tumia nchi ya namba ya simu aliyoandika, na uweke mahali pa kuibadilisha.

Sarafu ndiyo inayoumiza watu kimyakimya. iDEAL hupokea yuro tu, BLIK zloti, Pix reali, na M-Pesa ya Kenya shilingi ya Kenya. Duka likionyesha bei kwa dola, njia hizo hutoweka kwenye ukurasa bila onyo lolote, na mwenye duka anabaki kulaumu kampuni ya malipo.

Kiasi nacho kina dari. Kwenye M-Pesa ya Kenya muamala mmoja hauvuki shilingi 250,000. Oda ikipita hapo, kitufe kisionekane, badala ya kumwacha mteja aweke namba ya siri ndipo akataliwe.

Kwenye programu, mambo yote haya ni mistari michache:

```js
function chaguaNjia(oda, njiaZote) {
  const zinazofaa = njiaZote.filter(n =>
    n.hai &&
    n.nchi.includes(oda.nchi) &&
    n.sarafu.includes(oda.sarafu) &&
    oda.jumla >= n.chini &&
    oda.jumla <= n.juu
  ).sort((a, b) => a.nafasi - b.nafasi);

  return { wazi: zinazofaa.slice(0, 3),
           nyingine: zinazofaa.slice(3) };
}
```

Uhamisho wa benki kwenye duka la mikoba unapewa `chini` iliyo mara tatu ya oda ya kawaida, basi. Kama hutumii programu yako mwenyewe, mifumo mingi ya maduka ina sehemu ya kuweka masharti hayohayo bila kuandika chochote.

Njia zinazotegemea kifaa, kama Apple Pay, ziulize kivinjari kwanza kama zinawezekana. Kwa Apple Pay ni `window.ApplePaySession && ApplePaySession.canMakePayments()`. Ikijibu hapana, usichore kitufe kabisa. Kitufe cha kijivu kisichobonyezeka kinachukua nafasi na kinaleta maswali.

Hatua ya 5: Panga zitakazokuwa wazi na zitakazokaa nyuma

Mbili au tatu ziwe wazi. Zilizobaki ziweke nyuma ya kiungo kimoja, na kiungo hicho kitaje kilichomo. "Njia nyingine" peke yake haisemi kitu. Mwenye kutafuta awamu hatajua kama imo. Andika "Njia nyingine: benki, awamu". Maneno mawili hayo yanaokoa wale watu watano wa hatua ya 3.

Ya kwanza iwe ile inayoleta malipo mengi yaliyokamilika, si inayobonyezwa zaidi na si yenye ada ndogo. Najua vishawishi. Mwaka mmoja nilipandisha juu njia fulani kwa sababu kampuni yake ilinipunguzia ada kwa miezi mitatu. Ada ilipungua kweli, na malipo yaliyokamilika yakapungua zaidi. Kitu nilichookoa kwenye ada nilikilipa mara kadhaa kwa oda zilizokwama.

Mteja anayerudi apate juu njia aliyoitumia mara ya mwisho ikafanikiwa. Zingatia "ikafanikiwa": ukimkumbushia njia iliyomkatalia jana, unamrudisha kwenye ukuta uleule.

Kwenye duka letu la mikoba sasa kuna pesa ya simu, kadi, na kulipa mzigo ukifika, zote wazi. Awamu iko nyuma. Benki iko nyuma, kwa oda kubwa tu. Pochi haipo. Kutoka vitufe saba hadi vitatu vinavyoonekana, na mlango pekee uliofungwa ni wa wale watatu wa pochi ambao hatukuwakuta kwenye oda za zamani.

Hatua ya 6: Jaribu nusu kwa nusu, na usifurahi mapema

Usibadilishe kwa wote kisha ulinganishe mwezi huu na uliopita. Sikukuu, tangazo, mshahara kuchelewa, vyote vitaingia kwenye hesabu. Nusu ya wateja waone ukurasa wa zamani, nusu wa mpya, kwa wakati mmoja, na mteja mmoja abaki upande mmoja hata akirudi kesho.

Swali linalofuata huwa ni lini utajua. Kuna hesabu ya haraka ya kukuonyesha tofauti gani inaweza kuletwa na bahati tu:

```
2 × √(2 × p × (1 − p) ÷ n)
```

Hapo `p` ni sehemu ya wanaolipa sasa, na `n` ni watu wa kila upande. Kwa duka letu `p` ni 0.66. Baada ya watu 1,000 kila upande, hesabu inatoa kama 0.042, yaani pointi 4.2 za asilimia. Tuseme upande wa zamani umelipa 661 na mpya 699. Tofauti ni pointi 3.8. Inapendeza, lakini iko ndani ya kile ambacho bahati inaweza kuleta. Endelea kusubiri.

Wakifika 4,000 kila upande, kiwango cha bahati kinashuka hadi pointi 2.1. Zamani wamelipa 2,632, mpya 2,756. Tofauti ni pointi 3.1. Sasa unaweza kuamini. Kama duka lako hupata watu mia mbili kwa mwezi kwenye ukurasa wa malipo, jaribio la namna hii litakuchukua miaka, usilifanye. Fanya hatua ya 1 hadi ya 5 kwa akili ya kawaida na utazame oda zilizokwama moja baada ya nyingine.

Onyo: amua idadi ya watu kabla ya kuanza, uishike. Anayechungulia kila asubuhi na kusimamisha jaribio siku namba zilipompendeza, atapata "ushindi" hata pasipo na tofauti yoyote.

Hatua ya 7: Usishuke chini ya njia mbili zisizoanguka pamoja

Uchache una kikomo. Njia moja ikibaki peke yake, siku inapokatika duka linafungwa. Na mbili zisihesabike mbili kama zinapita njia moja: kadi na Apple Pay huonekana tofauti, lakini Apple Pay kwa kawaida hubeba kadi ileile, kwa hiyo mtambo wa kadi ukisimama zote zinasimama. Kadi na pesa ya simu ni jozi nzuri zaidi, hasa zikipitia kampuni mbili.

Weka pia kipimo cha kuzima. Njia ambayo kwa kawaida hupitisha watu wanane kati ya kumi ikipitisha wawili kati ya ishirini wa mwisho, `hai` igeuzwe kuwa hapana, na iliyofuata ipande. Mtu apigiwe kengele kuirudisha; mashine isiirudishe yenyewe, la sivyo itawaka na kuzimika usiku kucha.

Mambo yakienda kombo

*Nimewasha njia lakini haionekani.* Anza na sarafu ya bei, kisha nchi ya anwani, kisha kiwango cha chini na cha juu. Mwisho angalia kama kampuni ya malipo imeidhinisha akaunti yako kwa njia hiyo. Kuwasha kitufe na kuidhinishwa ni vitu viwili.

*Kadi sasa inafanikiwa kidogo kuliko zamani.* Hilo hutarajiwa. Kwenye duka la mikoba ilikuwa asilimia 75, ikawa 73, kwa sababu sasa inapokea hata watu waliozoea pochi. Lakini kwa kila watu 1,000 walikuwa wakilipa kwa kadi 150, sasa ni 186. Rudi kwenye ile namba moja: waliolipa kwa kila waliofika.

*Wateja wanaandika kuuliza njia niliyoondoa iko wapi.* Usihesabu barua, tazama walioandika. Kama waliuliza kisha wakalipa kwa njia nyingine, ilikuwa rudufu. Kama wanne walioandika hawakununua tena, na wote ni wa nchi moja, huenda pale ni mlango pekee. Irudishe kwa nchi hiyo tu.

*Oda zimeongezeka na mizigo inayorudi imeongezeka.* Kulipa mzigo ukifika kumeshika nafasi ya juu mno. Ishushe hadi ya tatu, au iondoe kwa oda kubwa, uone pesa iliyoingia ikilinganishwa na gharama ya mizigo iliyorudi.

*Pesa ya simu inakwama na sijui kwa nini.* Soma msimbo wa jibu, usitosheke na neno "imeshindikana". Kwa M-Pesa ya Kenya, `ResultCode` ya `1` ni salio halitoshi, `1032` ni mteja alikatisha mwenyewe, `1037` ni ombi halikumfikia au hakujibu kwa wakati, na `2001` ni namba ya siri mbaya. Zikijaa `1032`, tazama kama ukurasa wako unamweleza mteja kwamba ombi litatokea kwenye simu yake. Wengi huliona ghafla wakaliogopa. Zikijaa `1037`, weka kitufe cha kutuma ombi tena. Zikijaa `1`, hapo awamu au kulipa mzigo ukifika kutawasaidia zaidi kuliko kujaribu tena.

*Mteja amelipa mara mbili.* Ombi la simu lilichelewa, ukurasa ukamwambia ajaribu kadi, akalipa, kisha akaingiza namba ya siri kwenye ombi lililochelewa. Kabla ya kumwonyesha njia ya pili, seva yako iulize hali ya ombi la kwanza. Kama jibu bado halijapatikana, oda ibaki imefungwa na mteja aambiwe asubiri dakika moja. Pesa ya pili ikiingia kwenye oda ambayo tayari imelipwa, irudishwe siku hiyohiyo bila kusubiri alalamike.